Yaliyofaa Magharibi Yatatufaa Voi?

Siku hizi hakuna mkutano wa wakuu wa shule unaomalizika kabla msemaji mmoja kutamka maneno haya: "Utafiti umethibitisha." Maneno hayo yakishatamkwa, mjadala huisha. Hakuna anayeuliza utafiti huo ulifanyiwa wapi, nani aliuendesha, na kwa nini matokeo yake yaaminiwe kuwa yatajirudia Voi, Mwatate, Wundanyi au Taveta.

Wanaosomea mbinu za utafiti hufundishwa kutofautisha maswali mawili. La kwanza ni kama matokeo ni ya kweli pale yalipopatikana. La pili ni kama yatakuwa ya kweli mahali pengine. Swali la kwanza huitwa uhalali wa ndani, na la pili uhalali wa nje. Utafiti waweza kulijibu la kwanza barabara bila kuligusa la pili. Nchi yetu ina mfano ulio wazi wa jambo hili, nao wawahusu walimu wenyewe.

Mnamo 2005, katika Mkoa wa Magharibi wa wakati huo, shule 210 za msingi ziliingizwa katika jaribio lililofuatiliwa na wachumi Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer. Elimu ya msingi ilikuwa imefanywa kuwa bila malipo mwaka 2003, na madarasa ya kwanza yalikuwa yamefurika. Shule 140, zilizochaguliwa kwa kura, zilipewa fedha za kuajiri mwalimu mmoja wa ziada wa darasa la kwanza. Kamati ya shule ndiyo iliyomwajiri kwa mkataba, na mshahara wake ulikuwa takriban robo ya ule wa mwalimu aliyeajiriwa na serikali. Darasa lililokuwa na wastani wa wanafunzi 84 lilipungua hadi 46 hivi.

Matokeo yalikuwa ya kuvutia. Walimu wa mkataba walionekana darasani mara nyingi kuliko wenzao wa kudumu, na wanafunzi waliopangiwa walimu hao kwa kura walifanya vyema zaidi katika mitihani. Kwa kuwa ni kura iliyoamua nani apate nini, haikuwezekana kudai kwamba shule zilizofanikiwa zilikuwa bora tangu mwanzo. Uhalali wa ndani ulikuwa imara.

Basi serikali ikaamua kuajiri walimu 18,000 wa mkataba kote nchini. Ni hapo swali la pili lilipobisha hodi. Kwa bahati njema, lilipimwa badala ya kukisiwa. Kuanzia 2010, Tessa Bold, Mwangi Kimenyi, Germano Mwabu, Alice Ng'ang'a na Justin Sandefur walichukua shule 192 kutoka mikoa yote minane, Pwani ikiwemo. Kundi moja la shule halikupata mwalimu wa ziada. La pili lilipata mwalimu wa mkataba kupitia shirika la World Vision. La tatu lilipata mwalimu wa aina hiyo hiyo kupitia Wizara ya Elimu. Kura ndiyo iliyoamua shule ipi iangukie kundi lipi.

Katika shule zilizosimamiwa na World Vision, wanafunzi walipanda. Ili kuona kiasi chenyewe, tumfikirie mtoto aliye katikati ya wenzake mia moja, anayewashinda hamsini. Mtoto huyo angefika mahali pa kuwashinda 57 hivi. Hiyo si miujiza, lakini ni faida inayostahili kulipiwa. Katika shule zilizosimamiwa na wizara, faida haikuonekana kabisa. Ripoti kamili ilichapishwa mwaka 2018.

Msomaji na atue hapa atafakari. Nchi ni ile ile, mwaka ni ule ule, umri wa watoto ni ule ule, na hata masharti ya mkataba yanafanana. Mvua, umaskini na lugha ya nyumbani haviwezi kulaumiwa, maana kura ilizitawanya tofauti hizo katika makundi yote. Kilichobadilika ni mkono ulioajiri, uliolipa na uliosimamia. Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, vimeundwa. Jaribio la kwanza lilituonyesha chombo kinachoelea, nasi tukanakili umbo lake tukimsahau fundi.

Watafiti hao walitafuta sababu. Waliona kwamba usimamizi na ulipaji wa mishahara kwa wakati vilikuwa dhaifu zaidi upande wa serikali. Isitoshe, mpango ulipokuwa wa taifa zima ulizusha jambo ambalo jaribio dogo halingeweza kulizusha. Chama cha walimu, KNUT, kiliupinga, na mwaka 2011 kikafaulu kuahidiwa kwamba walimu hao wa mkataba wataajiriwa kwa kudumu. Simlaumu mwalimu wala chama chake, kwani kudai kazi yenye hakika ni haki ya mfanyakazi. Lakini mwalimu anayefahamu kwamba mkataba wake utafanyiwa tathmini na kamati ya kijiji mwisho wa mwaka hayuko katika hali sawa na yule anayetarajia kuingizwa katika orodha ya serikali. Shule 140 haziwezi kuitikisa siasa ya nchi. Walimu 18,000 wanaweza. Ukubwa wenyewe wa mpango hubadilisha kile kilichopimwa.

Tuje sasa nyumbani. Somo hili si la kihistoria tu. Katika miaka ya karibuni Tume ya Huduma za Walimu imekuwa ikiwaajiri maelfu ya walimu wanagenzi kwa mikataba mifupi. Nayo serikali ya kaunti, chini ya Katiba ya 2010, ndiyo inayobeba jukumu la elimu ya chekechea. Kila mara mtu akipendekeza mikataba mifupi kwa hoja kwamba "ilifaulu Magharibi", wenyeji wa Taita Taveta wana haki ya kumwuliza ni sehemu ipi ya mafanikio hayo anayokusudia kuileta.

Aidha, kuna tofauti ya mahali penyewe. Faida ya Magharibi ilianzia katika darasa la watoto 84. Katika shule ndogo iliyo kando ya mbuga ya Tsavo, ambako darasa zima huenda lina watoto 25, kuligawa mara mbili hakuondoi tatizo lililoondolewa kule. Huko yamkini kinachowapunguza wanafunzi darasani ni ukame, au ndovu walioziba njia asubuhi. Mwalimu wa pili hamfikishi shuleni mtoto ambaye mzazi amehofia kumruhusu atoke nyumbani. Dawa ni ile ile, ila ugonjwa ni mwingine.

Wala tusidhani kwamba utafiti uliofanywa ndani ya kaunti yetu unaisemea kaunti nzima. Mji wa Voi uko mita 600 hivi juu ya bahari, katika nyika kavu. Kilele cha Vuria katika Milima ya Taita kinapita mita 2,200. Na Taveta ina chemchemi na mifereji ya maji. Kati ya 1955 na 1959, nyumba za Taveta na za Pare, ng'ambo ya mpaka, zilipuliziwa dawa ya dieldrini kutani ili kupambana na malaria. Aina moja ya mbu, ile ipendayo kutua ndani ya nyumba, ilitoweka, na ugonjwa ukapungua sana. Lakini aina nyingine, ambayo baadhi yake hula na kupumzika nje, haikwisha, na baada ya upulizaji kukoma ugonjwa ulirejea polepole. Aliyesoma matokeo hayo kwa haraka angesema kwamba dawa ukutani humaliza malaria. Aliyesoma kwa makini angesema kwamba dawa ukutani humwua mbu atuaye ukutani. Kauli ya pili ni nyembamba zaidi, lakini ndiyo inayosafiri salama. Inatueleza mapema kwamba vijijini milimani, ambako baridi tayari imewapunguza mbu, gharama ile ile ingeleta faida ndogo, kwa kuwa hakukuwa na ugonjwa mwingi wa kupunguzwa.

Kuna kosa la upande wa pili ambalo nalo ni baya. Ni lile la kusema kwamba mambo ya Magharibi hayatuhusu, sisi ni Wataita, Wataveta na watu wa nyika. Kwa hoja hiyo hata yaliyogunduliwa Wundanyi hayatafaa Mgange, na kila kijiji kitalazimika kuanza kujifunza upya. Yanayostahili kuhamishwa ni maelezo ya sababu: kitu gani kilimgusa nani, kikabadilisha nini. Takwimu za mwisho, kama zile asilimia zinazopendwa na wasemaji wa mikutano, ndizo zinazoharibika njiani.

Kwa hiyo mwalimu au mwanafunzi wa chuo anayeletewa ripoti na aisome akiwa na maswali matatu. La kwanza: shule au vijiji vilivyopimwa vilipatikanaje? Kama vilijitolea, au vilichaguliwa kwa sababu vilikuwa tayari vimefaulu, basi hata kwa jirani zao matokeo hayana dhamana. La pili: kabla ya mpango kuanza, tatizo lilikuwa kubwa kiasi gani, na hapa kwetu ni kubwa kiasi gani? La tatu: nani aliusimamia mpango kila siku, na huku nani atausimamia? Ripoti isiyojibu swali la tatu haijakamilika, hata ikiwa na majedwali mengi namna gani.

Kaunti yenyewe ingeweza kufanya jambo moja zaidi kabla ya kuamua suala la mikataba ya walimu wa chekechea. Zichukuliwe shule kutoka nyanda za Voi, kutoka milimani na kutoka Taveta. Kwa kura, nusu ya shule za kila eneo zipate utaratibu mpya, na uendeshwe na maafisa wale wale watakaouendesha ukienea kote, kwa mishahara ile ile na kupitia ofisi ile ile ya malipo. Jaribio likipewa wafadhili na magari ambayo hayatakuwepo baadaye, litatupa jibu la swali ambalo hatukuuliza. Matokeo yakifanana katika maeneo yote matatu, tutakuwa na sababu ya kuendelea. Yakitofautiana, tofauti hizo zitatuambia pa kutazama. Shule tatu au nne kwa kila eneo hazitoshi kutoa hukumu kuhusu alama za mtihani, lakini zatosha kuonyesha kama mishahara inafika na kama mwalimu yuko darasani. Mambo hayo mawili yakishindikana, hakuna haja ya kungoja mtihani.

Wazee walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao. Msala wa Magharibi ulikuwa mzuri kweli. Ila kabla ya kuutandika hapa, na tupime chumba chetu, kisha tuulize ni nani atakayeufagia.