Kabla ya kuuza nyumba, tafuta maji kwanza

Majira ya kuchipua yakikaribia, familia nyingi za jumuiya yetu hapa Columbus, Ohio, huanza kuzungumzia kuuza nyumba. Mmoja amepata kazi Texas, mwingine watoto wamehama na vyumba vimebaki vitupu, wa tatu anarudi nyumbani Tanga kwa moyo mmoja. Swali linalofuata huwa ni lile lile: kitengenezwe nini ili nyumba ipate bei nzuri? Na wengi hujibu haraka: jiko.

Jibu hilo limewagharimu watu fedha nyingi. Ripoti ya Cost vs. Value ya hapa Marekani hulinganisha gharama za matengenezo na kile kinachorudi nyumba inapouzwa. Katika hesabu zake za mwaka 2024, jiko la kifahari lililojengwa upya kabisa lilimrudishia mwenye nyumba takriban senti 38 kwa kila dola aliyotumia. Jiko lililokarabatiwa kidogo tu, makabati yakibaki na milango yake ikibadilishwa, lilirudisha senti 96. Huo ni wastani wa nchi nzima, na mtaa hadi mtaa mambo hutofautiana, lakini mwelekeo wake hauna utata. Mnunuzi ana ladha yake. Hatalipia marumaru aliyoichagua mtu mwingine.

Anachokilipia, au tuseme anachokikata kwenye bei, ni hofu. Akiona doa la maji darini, hafikirii kipande cha raba kilichopasuka. Anafikiria paa zima. Akisikia harufu ya ukungu chini, anafikiria msingi. Kwa hiyo matengenezo madogo yanayolipa ni yale yanayoondoa hofu kubwa kwa gharama ndogo, na karibu yote yanaanzia kwenye maji.

Chukua mfano wa nyumba ya vyumba vitatu iliyojengwa mwaka 1965, za aina hiyo ziko nyingi mjini hapa. Darini, karibu na bafu la juu, kuna doa la kahawia lenye ukubwa wa sahani. Kabla ya kumwita fundi yeyote, mwenye nyumba achore mpaka wa doa kwa penseli na kusubiri mvua mbili kubwa. Doa likivuka mstari, uvujaji bado upo. Mara nyingi chanzo chake ni ile raba inayozunguka bomba la hewa linalotokeza juu ya paa: jua huikausha, inapasuka, na maji yanateremka taratibu kufuata bomba. Raba yenyewe ni ya bei ndogo. Kinacholipiwa hasa ni kazi ya fundi kupanda. Baada ya hapo doa lipakwe kwanza rangi ya msingi ya kuzuia madoa, ndipo ije rangi ya dari. Atakayepaka rangi ya kawaida moja kwa moja ataona doa limejitokeza tena baada ya siku chache, tena pengine siku ya wageni.

Tuseme kazi yote imefika dola 500. Doa hilo hilo likiachwa, mnunuzi anaweza kuomba apunguziwe dola 3,000 kwa ajili ya paa, na muuzaji aliyekwisha kufunga mizigo hana nguvu ya kubishana. Lakini kupaka rangi juu ya uvujaji unaoendelea ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Ohio inamtaka muuzaji ajaze fomu ya kueleza hali ya nyumba, nayo inauliza waziwazi kuhusu paa na maji yanayoingia. Aliyeficha anachojua anaweza kushtakiwa hata baada ya kukabidhi funguo.

Chini, kwenye besimenti, ukuta una unga mweupe. Huo ni chumvi iliyoachwa na maji yaliyopita ndani ya zege. Mwenye nyumba abandike kipande cha nailoni ukutani, akizibe pande zote kwa utepe wa gundi, na kukiacha kwa siku mbili. Umande ukikaa upande wa ndani, uliogusana na ukuta, maji yanatoka udongoni. Ukikaa upande wa nje, ni unyevu wa hewa ya chumba, na mashine ya kukausha hewa inaweza kutosha. Kama yanatoka udongoni, asikimbilie kampuni za kuziba misingi. Atoke nje wakati wa mvua atazame mabomba yanayoteremsha maji ya paa. Yakimwaga maji mguuni pa ukuta, yaongezwe urefu yafike angalau futi 4 hadi 6 kutoka kwenye nyumba, na udongo ujazwe ili uteremke kwenda mbali na ukuta. Ni kazi ya Jumamosi moja. Maji yakiendelea kuingia baada ya hapo, au ukuta ukiwa na ufa mlalo, hilo si tengenezo dogo tena, na ni bora kupata makadirio ya mtaalamu na kuyaweka mezani kwenye mazungumzo ya bei.

Rangi inayobanduka kwenye madirisha na baraza inastahili uangalifu wa pekee. Wanunuzi wengi wa nyumba ya kwanza hutumia mkopo wenye dhamana ya FHA, kwa sababu malipo yake ya mwanzo yanaweza kuwa asilimia 3.5 tu. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, mthamini wa mkopo huo akiona rangi inabanduka ataagiza irekebishwe kabla mkopo haujakamilika, kwa kuwa inahofiwa kuwa na risasi. Muuzaji asisubiri agizo hilo. Lakini asiisugue rangi kavu kwa msasa, kwa maana vumbi lake ni sumu kwa watoto: ailoweshe, aikwangue ikiwa na maji, na akusanye mabaki yote. Akiajiri fundi, awe na cheti cha kazi za rangi ya risasi.

Mengine ni mepesi: silikoni mpya kuzunguka beseni la kuogea, mkono wa ngazi uliolegea, na karibu na masinki soketi za usalama zenye vitufe vya TEST na RESET, zilizofungwa na fundi umeme. Tanuru ya kupasha joto ikiwa nzee lakini inafanya kazi, ifanyiwe huduma, chujio libadilishwe, na risiti iwekwe mahali pa kuonekana. Kununua mpya ni kumpa mnunuzi zawadi.

Halafu kuna mapipa. Nyumba zetu nyingi zina mapipa ya bluu yanayosubiri kontena la Mombasa au Dar es Salaam, masanduku ya nguo za watu, na sufuria za shughuli. Tatizo lake haliishii kwenye mwonekano. Mapipa yakiziba boksi la umeme, tanuru au ukuta wa msingi, mkaguzi wa mnunuzi ataandika kwamba hakuweza kufika, na pale pasipokaguliwa mnunuzi hudhani ubaya. Mbele ya boksi la umeme pabaki wazi futi 3. Mzigo wa kusafirishwa uondoke kabla ya nyumba kutangazwa, kwani meli haingoji ratiba ya dalali. Pasipoti, dawa na dhahabu vitoke ndani ya nyumba kabla ya mgeni wa kwanza kuingia.

Anayekusudia kuuza mwaka huu aanze na penseli na nailoni mvua ijayo ikinyesha, na apate majibu ya maji kabla hajasaini mkataba wowote wa jiko.