Umelala Wikendi Nzima na Bado Umechoka?

Wasee, mtu akisema "kazi imenimaliza", sote tunampa dawa moja: enda ulale bana, Jumatatu utakuwa poa. Kuna wenye inawasaidia. Halafu kuna mwenye analala masaa kumi na anaamka vile vile. Hawa wawili hawaugui kitu kimoja, na mimi nimeona zote mbili kwa mtu mmoja.

Dada yangu mkubwa anashughulikia wateja kwa simu hapa Nairobi (amekubali niandike, mradi nisitaje kampuni). Kuna mwisho wa mwezi mfumo ulianguka, pesa za watu zikakwama, laini zote zikaanza kulia kwa mpigo. Moyo ulimwenda mbio, viganja vikalowa jasho, njaa ikapotea. Hiyo ndiyo stresi ya ghafla. Mwili unamwaga adrenalini, kisha kotisoli, sukari inaongezeka kwa damu, unakuwa macho kama mtu ameona simba. Saa tisa mfumo ukarudi. Jioni alikula chapati nne, akalala kama gogo, na kesho yake alikuwa anatuigizia wateja tukicheka. Ilipanda, ikashuka, ikaisha.

Shida ilikuja polepole, bila kelele. Wenzake wawili waliacha kazi na hakuna aliyeajiriwa kushika nafasi zao. Simu zilibaki idadi ile ile. Sasa hakukuwa na saa tisa ya mfumo kurudi.

Mwanzoni alijituma zaidi. Aliingia mapema, akala akiwa na hedifoni shingoni, akajibu meseji za kazi kitandani. Bosi alimsifu, na sisi pia tulimsifu. Daktari wa saikolojia Herbert Freudenberger, aliyeandika kuhusu uchovu huu mwaka 1974 baada ya kujitolea katika kliniki ya bure New York, hakuuona kwa wavivu. Aliuona kwa wale waliojitoa sana, na yeye mwenyewe ulimpata.

Kisha mapumziko yakaanza kupoteza nguvu. Hapa ndipo ningeomba kila mtu ajipime. Zamani usiku mmoja ulimtosha. Baadaye alihitaji wikendi nzima. Halafu Jumapili jioni kichwa kikawa kinamuuma kabla hata hajapiga pasi nguo za kesho. Alichukua likizo yake ya mwaka, zile siku 21 za kisheria, na kufikia Jumanne ya kwanza kazini ilikuwa kama hakuwahi kutoka.

Hatua iliyofuata ndiyo tunaikosea zaidi. Wateja waligeuka kuwa "hawa watu". Siku moja mama mmoja alilia kwa simu, karo ya mtoto ilikuwa imeenda kwa namba isiyo sawa. Dada alizima maiki na kuendelea kuangalia video. "Nilijiona sijali, na hata hiyo haikunishtua," aliniambia. Msimamizi aliandika kwa faili yake: mtazamo mbaya. Jameni! Huyo ni yule yule waliyemsifu. Akili ilikuwa imejifungia mlango kwa sababu haikuwa na kitu kingine cha kutoa.

Mwisho ufanisi ukaanguka. Alisoma akaunti moja mara tatu bila kuielewa, akarudisha pesa kwa mtu mbaya, akaanza kuamini hafai kazi yoyote.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilieleza hali hii kwa alama tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga kiakili na kazi au kuichukia, na kupungua kwa ufanisi. Halikuiita ugonjwa. Lilisema inatokana na stresi sugu ya mahali pa kazi isiyodhibitiwa. Sio kila mtu anapitia hatua kwa mpangilio ule wa dada, wengine wanaanza na ile chuki. Na tusijifanye madaktari: upungufu wa damu pia unachosha, na kama hata mambo ya nje ya kazi hayakufurahishi tena, au unawaza kufa, hiyo inaweza kuwa sonona. Tafuta daktari mapema.

Kampuni ilifanya nini? Ilileta mtu wa kuwatia moyo, Ijumaa, saa ya lanchi. Yaani walichukua lanchi yao kuwafundisha kupumzika, huku simu zikisubiri kwa foleni.

Kilichomsaidia ni kuhamishwa kitengo cha malalamiko ya maandishi, penye idadi ya kesi kwa siku inajulikana na ikiisha unaenda nyumbani. Hata hivyo hakupona wiki hiyo. Ilichukua kama miezi mitano kabla atuigizie mteja tena.