"Lifanyiwe Kazi": Na Nani?

Katika mafaili ya kumbukumbu za vikao, maofisini na mashuleni, yamo maneno yaliyozika maamuzi mengi kuliko upinzani wa mjumbe yeyote. Maneno hayo ni "ilikubaliwa" na "lifanyiwe kazi". Kiswahili kimejaliwa kauli ya kutendwa, ambayo humwezesha msemaji kulitaja tendo bila kumtaja mtendaji. Katika masimulizi hiyo ni neema. Katika kumbukumbu za kikao ni kichaka cha kujifichia.

Fikiria shule ya sekondari yenye walimu 24. Vitabu 60 vya hisabati viliazimwa na wanafunzi ambao sasa wako Kidato cha Pili, na 38 kati ya hivyo havijarudi. Kikao cha Januari kinaandika: "Ilikubaliwa kwamba vitabu vifuatiliwe." Kikao cha Aprili, chini ya kichwa cha Yatokanayo, kinaandika: "Jambo hili bado linafuatiliwa." Kikao cha Julai kinaandika: "Wajumbe walisisitiza umuhimu wa kufuatilia vitabu." Hapo msomaji makini hana haja ya kuuliza vitabu viko wapi. Kitenzi "kusisitiza" kinapotokea mahali pa kitenzi cha kutenda, jambo limekwisha kufa, na kinachofanyika ni matanga.

Gharama ya matanga hayo si ndogo. Walimu 24 wakikaa saa 3, shule imetumia saa 72, yaani siku 9 za kazi za mtu mmoja. Kwa vikao vitatu ni siku 27, na kabati la vitabu bado halina kitu.

Wapo wanaodai kwamba kasoro hiyo ni ya katibu, na kwamba akifundishwa kuandika vizuri mambo yatanyooka. Hoja hiyo haina msingi. Katibu huandika alichopewa, na kikao ambacho hakikumtaja mtu hakiwezi kumwandikisha mtu. Ugonjwa huanza siku ajenda inapobandikwa ubaoni: "1. Kufungua kikao. 2. Yatokanayo. 3. Taaluma. 4. Nidhamu. 5. Vitabu. 6. Mengineyo." Hayo ni majina matupu. Mwalimu aonaye neno "Vitabu" hajui kama anaitwa kuarifiwa, kulaumiwa au kuamua, kwa hiyo anakuja mikono mitupu. Na kwa kuwa kila mtu ana la kusema juu ya vitabu, kila mtu atalisema.

Mwandishi Mwingereza Parkinson aliidhihaki tabia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1957. Kamati yake ya kubuni iliupitisha mradi wa mtambo wa nguvu za atomu kwa dakika mbili na nusu, kwa sababu wajumbe hawakuuelewa, kisha ikabishana kwa dakika 45 juu ya banda la baiskeli, kwa kuwa banda kila mjumbe alilielewa. Mashuleni banda hilo huitwa chai ya walimu, nalo hupenda kuingia kwa mlango wa Mengineyo.

Ajenda iliyoandikwa ili iamuliwe huwa swali. "Vitabu 38 vya hisabati havijarudi. Je, kila mwalimu wa darasa avikusanye darasani mwake, au maktaba isimamishe uazimaji hadi virudi? Dakika 20." Swali hilo likiwafikia walimu siku tatu kabla, pamoja na nakala ya daftari la uazimaji, wataingia kikaoni wakiwa wamekwisha kulifikiria. Waraka uliokuja kwa ajili ya kusomwa tu hauna haki ya kuketisha watu 24. Mahali pake ni ubao wa matangazo.

Baada ya ajenda inakuja zamu ya kusema, na hapo ndipo wakubwa wengi wasipopenda kuguswa. Mkuu wa shule akisema kwanza, "Mimi naona wazazi walipe," mjadala umekwisha. Makamu wake ataunga mkono, wazee wa shule watafuata, na mwalimu mpya aliyeajiriwa mwaka huu atatazama dirishani. Lakini huenda mwalimu huyo ndiye pekee anayeingia Kidato cha Pili B kila siku, na ndiye ajuaye kwamba vitabu vya darasa zima vilitiwa sahihi na kiranja mmoja, hivyo hakuna mwanafunzi anayejihisi kudaiwa. Habari hiyo moja inabadili uamuzi wote: kosa liko katika daftari, wala si kwa mzazi.

Majeshi, ambayo hakuna awezaye kuyashutumu kwa kudharau vyeo, yaliigundua hatari hiyo zamani. Katika mahakama za kijeshi za Uingereza na Marekani uliwekwa utaratibu wa afisa wa cheo cha chini kupiga kura yake kwanza, ili asimfuate mkubwa wake. Naye Robert, mhandisi wa jeshi la Marekani aliyechapisha kanuni za mikutano mwaka 1876, aliweka sharti kwamba aliyekwisha kusema juu ya hoja asiseme mara ya pili maadamu yupo ambaye hajasema na anataka kusema. Mwenyekiti anayeyafuata mambo hayo mawili, na kuyaweka maoni yake mwisho, hapotezi heshima. Anachopoteza ni raha ya kuitikiwa.

Hapa watetezi wa vikao virefu hukimbilia kwenye mila. Husema kwamba wazee wa Kiafrika walikaa chini ya mti wakazungumza mpaka wakakubaliana, na kwamba Mwalimu Nyerere mwenyewe aliurejea mfano huo mwaka 1963 katika maandishi yake juu ya demokrasia. Ni kweli. Lakini wanasahau kwamba wazee walioketi kuamua mpaka wa shamba walikuwa na shauri moja mbele yao, na walipoinuka kila mtu alijua ni nani atakayekwenda kupanda mti wa mpaka. Wanaoiga urefu wa kikao cha wazee na kuuacha mwisho wake wameiga kivuli.

Mwisho huo, kwa shule ya mfano huu, ungeandikwa hivi: "Mwalimu wa darasa wa Kidato cha Pili B atawaandikisha upya wanafunzi wenye vitabu, kila mmoja kwa sahihi yake, na kumkabidhi mtunza maktaba orodha kabla ya tarehe 14 Machi." Lipo jina la kazi, lipo tendo, ipo siku. Mwenye kazi alikuwapo akakubali kwa kinywa chake, kwani kumpangia kazi asiyekuwapo ni kuitupa kazi. Ukurasa mmoja wa maamuzi ya namna hiyo utoke kesho yake, usingoje kikao kijacho ili usomwe kwa sauti kama hotuba. Kikao kijacho kikifika kwenye Yatokanayo, kila mwenye kazi ajibu: imefanyika, au haikufanyika kwa sababu hii. Mjadala usifunguliwe upya, isipokuwa sababu yenyewe ni mpya.

Hata hivyo, jina katika kumbukumbu halileti fedha wala mamlaka. Mwalimu aliyeandikwa kununua vitabu vipya, ilhali hundi husainiwa na mkuu wa shule, amefanywa mbuzi wa kafara, na mwezi wa Julai atalaumiwa kwa jambo lisilokuwa mikononi mwake. Katika hali hiyo jina linalostahili kuandikwa ni la mwenye kalamu ya kusaini hundi, na mwenyekiti anapaswa kuliandikisha hata kama jina hilo ni lake mwenyewe.