Mba wa kijana si uchafu, acha kumsugua

Mama mmoja wa Mwenge aliniletea mwanawe wa miaka 14, yupo kidato cha pili. Mabega ya shati la shule yalikuwa yamejaa unga mweupe. "Daktari, namwosha kila siku kwa sabuni ya mche, nampaka na mafuta, lakini mba hauishi," alisema. Kijana alikuwa ameinamisha kichwa kwa aibu. Nyumbani walikuwa wakimwita mchafu.

Mzazi, naomba tumwondolee kijana lawama hiyo. Anapobalehe, homoni huziamsha tezi za mafuta zilizo kwenye ngozi ya kichwa. Mafuta hayo ni chakula cha fangasi aitwaye malasezia, anayeishi kwenye ngozi ya karibu kila mtu. Akiyala huacha mabaki yanayoiudhi ngozi, nayo huwasha na kubanduka.

Sasa tazama tunachofanya. Sabuni ya mche ni kali, hukausha nywele hadi zikatike na kuichubua ngozi, lakini tezi zinaendelea kutoa mafuta kama kawaida. Kisha tunapaka mafuta mengine juu ya ngozi ili kuficha unga. Hapo tunamwongezea fangasi chakula.

Yule kijana nilimwelekeza hivi. Mara mbili kwa wiki, Jumatano na Jumapili, alowanishe nywele, achukue kijiko kimoja cha chai cha shampuu yenye ketokonazoli asilimia 2, inayopatikana duka la dawa, aipake kwenye ngozi kwa ncha za vidole, si kwa kucha. Asubiri dakika 5, kisha asuuze vizuri. Wengi hukosea hapa: huosha haraka, na dawa haipati muda wa kufanya kazi. Siku nyingine maji matupu yanatosha. Mafuta kidogo apake kwenye nywele tu, ngozi aiache.

Binti mwenye nywele ndefu au kavu aoshe mara moja kwa wiki, kisha apake kondishena kwenye nywele, hasa ncha. Akiwa amesuka, apitishe shampuu kwenye mistari ya ngozi, na asikae na msuko huo miezi.

Baada ya wiki 4 kijana alirudi, muwasho umekwisha. Sasa anatumia dawa hiyo mara moja kila wiki mbili, kwa sababu mba hutulizwa, haung'olewi. Akiacha kabisa, huenda ukarudi.

Lakini ukiona mabaka ya duara yasiyo na nywele, nywele zilizokatikia kwenye ngozi, usaha au tezi za shingo zimevimba, huo si mba. Huenda ni mapunye, na hayo shampuu peke yake haiyaponyi, yanahitaji vidonge. Mpeleke kituo cha afya. Fanya hivyo pia kama wiki 4 zimepita bila nafuu, na usimpake krimu ya muwasho uliyoazimwa na jirani.