Picha ya pasipoti nyumbani: tundika shuka kwanza

Wadau, juzi muda wa kufunga kurasa gazetini ulikuwa unanikimbiza, simu ikaita. Mtoto wa mama mdogo, yuko Kibimba kule Ngara. "Shikamoo kaka. Picha niliyotuma nyuma imekuwa nyeusi tii! Kwenye simu yangu palikuwa peupe."

Kumbe alijipiga selfi ukutani, akaingiza picha kwenye apu ya kufuta nyuma, akaihifadhi. Hakujua kwamba pale palipoonekana peupe hapakuwa na rangi yoyote. Apu hizi hutoa faili la PNG, ambalo linaweza kuwa na sehemu tupu. JPG haina sehemu tupu. Ukibadilisha PNG kuwa JPG, programu nyingi hujaza pale utupu kwa rangi nyeusi. Na hata hivyo weupe usingemsaidia: pasipoti yetu ya kielektroniki, iliyozinduliwa 2018, inataka bluu mpauko.

Nikamwambia anitumie ile picha ya kwanza kama dokumenti, maana WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huibana na kuipunguzia ubora. Nikaikuza. Shati jeupe, ukuta mweupe: bega la kushoto limeliwa. Apu inakisia tu kipi ni mtu na kipi ni ukuta, na rangi zikifanana inakosea. Nywele nazo zilikuwa zimekatwa mviringo kama kofia, sikio moja nusu. Anayepokea fomu haitaji utaalamu kuliona hilo.

Msimamo wangu ni huu: apu iwe ya mwisho, siyo ya kwanza. Tundika shuka la bluu mpauko lililonyooshwa. Simama hatua moja mbele yake ili kivuli chako kisiangukie humo, uso ukielekea mlango ulio wazi. Vaa nguo ya rangi nzito. Mtu mwingine akupige kwa kamera ya nyuma, akiwa kama mita moja na nusu. Selfi ya urefu wa mkono hukuza pua na kurudisha masikio nyuma, kisha unajishangaa mwenyewe.

Ukilazimika kufuta nyuma, jaza bluu ndani ya apu yenyewe kabla ya kuhifadhi JPG, halafu kagua masikio na nywele. Kule kulainisha ngozi kuzime kabisa. Ukuta unaweza kuuonea, lakini uso ndio utakaolinganishwa na wewe mpakani. Na msidhani kila nchi inavumilia hata hilo la ukuta: Marekani inakataza picha za viza zilizobadilishwa kwa programu.

Jioni dogo alirudi hewani. Shuka la mama mdogo lilikuwa na maua, ikabidi aazime kwa jirani. Picha ya pili imetoka safi, masikio yote mawili yapo. Sasa analalamika kwamba hakutabasamu.