Bamia ni za Wote, Lakini Nani Alimwagilia?



Wiki iliyopita tuliitwa kuzungumza na kikundi cha kina mama cha kuweka na kukopa, hapa hapa Unguja. Wana kisanduku chao, wananunua hisa kila wiki, na sasa wamepewa kipande cha shamba chenye kisima wapande mboga kwa pamoja. Walitarajia tuwaeleze mbegu na mbolea. Sisi muda mwingi tulizungumzia daftari, kwa sababu kwa maoni yetu konde la kikundi huwa haliuliwi na mdudu wala jua. Linauliwa na mgawo.

Fedha za kisanduku ni rahisi kugawana kwa sababu zimetulia. Zimo ndani, zimefungwa, siku ya kuvunja zinahesabiwa mbele ya wote. Mboga hazitulii. Mchicha uko tayari kwa wiki nne hivi, ukiucheleweza unatoa mbegu. Bamia huchukua karibu miezi miwili kuanza kuzaa, na zikishaanza hazikupi mapumziko: zinachumwa kila siku ya pili, zingali urefu wa kidole na ncha yake ikivunjika kwa kubana tu. Ukiliacha tunda likakomaa, linakuwa kama ukuni, na mti wenyewe unapunguza kuzaa. (Na mwenye hina mpya ya harusi asipangiwe bamia, zile nywele zake zinawasha mikono.) Kwa hiyo mavuno hayaji siku moja mkagawana. Yanakuja kidogo kidogo, na kila mara yupo aliyekuwepo na asiyekuwepo.

Bi mkubwa mmoja akasema, "Wanangu, kila mtu apewe tuta lake, ugomvi uishe." Wengi wakaitikia. Sisi tukakataa. Tuta la karibu na kisima linapata maji ya kutosha, la mbali linapata yaliyobaki mtu ameshachoka. Lililo chini ya mwembe halioni jua, na bamia bila jua hazizai. Hata katika hadithi za Rafi bin Khadij, radhi za Allah zimshukie, tunasoma kuwa watu wa Madina walikuwa wakikodisha ardhi kwa mapatano kuwa mavuno ya upande fulani, kama kando ya mifereji, ni ya huyu, na ya upande mwingine ni ya yule. Mara upande mmoja ukaharibika na mwingine ukasalimika, na Mtume, rehema na amani zimshukie, akalikataza hilo. Yale yalikuwa kati ya mwenye ardhi na mlimaji, si kina mama wa kisanduku, lakini dhulma iliyomo ni ile ile.

Wengine wakataka zamu: leo achume huyu, keshokutwa yule. Hiyo nayo si haki. Bamia huanza kidogo, katikati zinamwagika, mwisho zinapungua. Wa kwanza ataondoka na kiganja kimoja, wa katikati atajaza kapu.

Tulichowashauri ni kwamba kila kinachochumwa kipimwe na kiandikwe siku ile ile, kwa bei moja, hata kinachokwenda jikoni kwa mwanachama. Bamia na biringani kwa mizani. Mchicha kwa fungu, lakini fungu la mkono wa huyu si la mkono wa yule, basi katika kamba moja ya mfano, na kila fungu lizungushiwe hiyo. Sisi mafundi wa cherehani hatukati nguo kwa kukadiria. Mwanachama akichukua mafungu mawili nyumbani, si vibaya, yanaandikwa kwa jina lake na kukatwa kwenye fungu lake mwisho wa msimu. "Mboga ya mdomoni tu" ndiyo inayomaliza konde.

Ukurasa wa pili wa daftari ni wa kazi. Tuliwapigia hesabu ya matuta kumi, kila moja mita moja kwa kumi. Wakati wa kiangazi tuta kama hilo linataka kiasi cha lita 40 kwa siku, hivyo matuta kumi ni madumu 20 ya lita 20. Wawili wakija asubuhi na wawili jioni, kila mmoja anabeba madumu matano. Hizo ni zamu nne kwa siku, na kwa msimu wa siku 100 ni zamu 400. Wakiwa 12, kila mmoja anafikiwa karibu kila siku ya tatu.

Sasa chukulieni mfano wetu. Hisa 20 za shilingi 6,000, jumla 120,000, ndiyo mtaji wa mbegu, samadi na ndoo. Mwisho wa msimu daftari linasema mauzo ni 420,000. Mtaji unarudi kwanza, zinabaki 300,000. Yupo mwenye hisa nne aliyefika zamu kumi tu, na yupo mwenye hisa moja aliyefika mara 45. Mkigawa kwa hisa peke yake, wa kwanza anachukua 60,000 na wa pili 15,000. Mkigawa sawa kwa sawa, kila mmoja 25,000, na msimu ujao nani atabeba dumu? Mkiweka 500 kwa kila zamu, 200,000 zinakwenda kwenye kazi, na 100,000 zinazobaki ni 5,000 kwa kila hisa. Mwenye hisa nne anapata 25,000, mwenye moja anapata 27,500. Wote wawili wanaweza kuiangalia hesabu hiyo bila kununiana.

Dada mmoja msomi akauliza kama inafaa kisheria. Ni suali zuri. Katika madhehebu yetu ya Shafi, faida ya ushirika hufuata mtaji, ndiyo maana sisi tunaona zile 500 ziandikwe tangu mwanzo kuwa ni ujira wa kazi, si sehemu ya faida, na ustadhi wao aonyeshwe maandishi kabla ya jembe la kwanza. Lakini mtu yeyote asiahidiwe kuwa hisa yake itazaa kiasi fulani, mvua inyeshe isinyeshe. Hiyo tunaijua jina lake.

Palipokuwa pagumu ni kwa wasioweza kufika. Mjane katika eda anakaa miezi minne na siku kumi, yaani msimu mzima wa bamia umempita. Aliyejifungua yumo ndani siku arobaini. Bi harusi kaolewa Pemba katikati ya msimu. Tulipendekeza kazi za ndani zihesabike kuwa zamu: kufunga mafungu, kuatika miche ya biringani kwenye makopo uani, kuandika daftari. Mtoto au wifi akija kumwagilia badala yake, zamu inaandikwa kwa jina la mwenyewe. Na anayehama alipwe zamu zake alizofika, hisa yake isubiri siku ya mgawo kama za wenzake.

Wamekubali kamba ya mchicha na ukurasa wa zamu. Kufunga mafungu kama ni zamu nzima au nusu, tuliwaacha bado wanabishana, na adhana ya alasiri ilikuwa imeshaingia.