Hati ya Babu Haitakupa Viza

Mwandishi mmoja anadai kwamba mkulima wa Kakamega akiambatisha hati ya shamba, viza ni yake. Wapi! Shamba haliendi popote. Afisa anataka kujua kama wewe utarudi. Tena hati nyingi huku bado zina jina la babu aliyefariki. Hiyo ni mali ya marehemu.

Kibaya zaidi, mwandishi huyo anaziita stakabadhi za miwa makaratasi tu. Miwa hukomaa kwa miezi 18 hivi, kwa hiyo taarifa ya benki ya miezi 6 yaweza kukosa malipo yoyote. Ambatisha tiketi ya mizani na hesabu ya kiwanda yenye makato ya mbolea na usafirishaji, kisha taarifa ya benki inayofikia siku ya malipo, kiasi kilekile kikionekana kimeingia.